Mtoano wa moja kwa moja, makundi au mlango wa pili? Timu 12, kiwanja kimoja, marefa wanne wa kujitolea

Wadau wa ndondo, kila ikikaribia likizo naona kamati za mitaa zinaanza na mambo mawili, zawadi na jezi, afu mfumo wa mashindano unaamuliwa dakika za mwisho kwa kura ya kunyoosha mikono. Mimi naona mfumo ndo uanze, na kabla hata ya mfumo kaa chini uhesabu vitu viwili tu, una nafasi ngapi za mechi kabla giza halijaingia na una marefa wangapi ambao kweli watakuja. Ukishapata hizo namba mbili mfumo utajichagua wenyewe karibu.

Tuchukue mfano mmoja tuende nao mpaka mwisho. Mtaa wa Dar, Temeke huko au popote, timu 12 zimelipa ada, kuna kiwanja kimoja cha shule cha watu kumi na moja, marefa wanne wamekubali kujitolea, na tunayo wikiendi mbili tu kwa sababu baada ya hapo shule inafunguliwa.

Hesabu ya kiwanja kwanza

Mechi ya dakika 20 kwa 20 na mapumziko ya dakika 5 inakula dakika 45. Ongeza kama dakika 10 za matuta zikitoka sare, na dakika 5 za timu kutoka na nyingine kuingia, umefika saa nzima. Kwa hiyo nafasi moja ya mechi ni saa moja, na usijidanganye kwamba utabana mechi ndani ya dakika 50, ratiba ikishachelewa asubuhi haikombolewi, mechi ya mwisho ndo inalipia kwa kuchezwa gizani. Na nyongeza ya dakika 30 isahau kabisa, sare ni moja kwa moja kwenye penati.

Jumamosi asubuhi unapata saa moja mpaka saa nne, hizo ni mechi tatu kabla jua halijawa kali. Jioni saa nane mpaka saa kumi na mbili, mechi nne, hiyo ya saa nane weka kasitopu ka kunywa maji kila kipindi. Usivuke saa kumi na mbili maana Dar jua linazama mapema, kuanzia kama saa kumi na mbili na robo miezi ya katikati ya mwaka, na wachezaji na marefa wanaoswali magharibi wanatakiwa waondoke kwa amani. Jumapili asubuhi watu wako kanisani, hapo una jioni tu, mechi nne. Jumla nafasi 7 za Jumamosi na 4 za Jumapili ni 11 kwa wikiendi, 22 kwa wikiendi mbili. Na uangalie ratiba ya ligi kabla hujatangaza chochote, ukigongana na dabi ya Simba na Yanga hizo nafasi nne za jioni zihesabu hazipo, mashabiki hawatakuja na marefa nusu hawatakuja.

Sasa tulinganishe.

Mtoano wa moja kwa moja

Huu kila mtu anaujua, ukifungwa unaenda nyumbani. Uzuri wake ni hesabu nyepesi, kila mechi inatoa timu moja, kwa hiyo timu 12 zinahitaji mechi 11 kumpata bingwa, na ukiongeza ya mshindi wa tatu ni 12. Una nafasi 22, unatumia 12, mvua ikinyesha hata siku nzima bado upo salama. Kwa marefa pia ni raha, kila mechi ikiwa na refa wa kati na washika vibendera wawili ni zamu 36, gawa kwa marefa wanne ni zamu 9 kila mtu kwa wikiendi zote mbili.

Tatizo ni kwamba 12 haigawanyiki vizuri mpaka fainali. Ili upate robo fainali ya timu 8 inabidi timu 8 zicheze raundi ya kwanza, mechi nne, na timu 4 zisubiri washindi. Hao wanne wanaosubiri wengine wanawaonea wivu, ila angalia vizuri, timu iliyosubiri ikifungwa robo fainali imecheza mechi moja tu mashindano mazima. Na zile nne zilizofungwa raundi ya kwanza nazo moja. Ikitokea washindi wa raundi ya kwanza wamewatoa wote waliokuwa wanasubiri, umepata timu 8 kati ya 12 zilizolipa ada, zikanunua jezi, zikafanya mazoezi mwezi mzima, zikacheza dakika 40 basi. Mwaka unaofuata ukipita kuomba ada kwenye hiyo mitaa utajibiwa vibaya na watakuwa na haki.

Kuna kitu kingine ambacho kwangu ndo kikubwa zaidi kuliko hata ada. Refa wa kujitolea anakosea. Hana mafunzo ya juu, hana mtu wa kumsaidia kwa mbali, washika vibendera wake mara nyingi ni vijana waliookotwa pembeni ya kiwanja. Kwenye mtoano wa moja kwa moja penati moja ya utata dakika ya 38 inaifukuza timu kwenye mashindano, hakuna kesho. Ndo maana mimi fujo naziogopa hata raundi ya kwanza, timu inaona imeonewa na haina tena cha kupoteza.

Kwa hiyo huu mfumo nauchagua kwenye hali moja, una wikiendi moja tu. Mechi 12 kwenye nafasi 11 hazitoshi, lakini ukiacha mechi ya mshindi wa tatu zinaingia 11 kwa 11, ingawa kuna timu itacheza mara mbili siku moja na huna hata nafasi moja ya mvua. Au una timu 8 au 16 kamili na marefa wawili tu. Nje ya hapo endelea kusoma.

Makundi halafu mtoano

Huu ndo unaopendwa na kamati kwa sababu unafanana na Kombe la Dunia kwenye tivii, na wachezaji wanaupenda kwa sababu wana uhakika wa mechi. Kwa timu 12 una njia mbili, makundi matatu ya timu nne au makundi manne ya timu tatu.

Makundi matatu ya timu nne, kila kundi lina mechi 6, jumla 18. Wanaingia nusu fainali washindi watatu wa makundi na mshindi wa pili bora mmoja, hapo mechi nne zaidi na ya mshindi wa tatu ikiwemo, jumla 22. Tuna nafasi 22. Imejaa pomoni, mvua ya saa mbili tu au kocha mmoja kugoma kutoa timu uwanjani na ratiba imekufa. Zamu za marefa ni 66, zaidi ya 16 kwa kila mtu, na hao ni watu wenye kazi zao na familia zao. Refa wa kujitolea hakwambii amechoka, hatokei tu Jumapili ya pili, na bila refa hakuna mechi.

Lakini hata ukipata wikiendi ya tatu kuna shimo ambalo kamati nyingi hazilioni. Mechi za mwisho za kundi zinatakiwa zichezwe muda mmoja. Hii sheria haikuja bure. Kombe la Dunia 1982 kule Hispania, Algeria walishamaliza mechi zao tatu, wameshinda mbili, moja wapo waliifunga Ujerumani Magharibi 2-1. Kesho yake Ujerumani Magharibi na Austria wakakutana mjini Gijón huku wakijua kabisa kwamba Ujerumani ikishinda bao moja au mawili wote wawili wanapita na Algeria anatoka. Bao likapatikana dakika ya 10, baada ya hapo mpira ukawa wa kupasiana tu mpaka kipyenga cha mwisho, 1-0. Kuanzia Kombe la Dunia la 1986 mechi za mwisho za kundi zikawa zinaanza pamoja.

Sasa wewe mwenye kiwanja kimoja utazianzisha vipi pamoja? Huwezi. Na hata ukiazima kiwanja cha pili unahitaji marefa sita kwa wakati mmoja na wewe unao wanne.

Makundi ya timu tatu ndo mabaya zaidi hapo, maana hata ukiwa na viwanja kumi bado timu moja lazima ikae pembeni wakati wenzake wanamaliza. FIFA wenyewe walikuwa wamepanga Kombe la Dunia 2026 liwe na makundi 16 ya timu tatu tatu, wakabadili Machi 2023 kwenye kikao chao Kigali, yakawa makundi 12 ya timu nne, na hofu ya timu kupanga matokeo ilikuwa moja ya sababu.

Chukua mfano wa mtaani uone inavyotokea. Kundi lina Stendi, Sokoni na Bondeni, wawili wanapita. Stendi kamfunga Sokoni 1-0, halafu Bondeni kamfunga Stendi 1-0. Stendi kamaliza, ana pointi 3, kafunga bao moja na kafungwa moja. Inabaki Sokoni na Bondeni. Sokoni akishinda 2-1 wote watatu wana pointi 3, wote tofauti ya mabao ni sifuri, ila Sokoni na Bondeni wana mabao mawili ya kufunga na Stendi ana moja. Stendi nje. Yaani Sokoni na Bondeni wameingia uwanjani wakijua matokeo yanayowafaa wote wawili, na hao ni watu wanaosoma shule moja na kunywa kahawa kijiwe kimoja. Hata wakicheza kwa haki kabisa na mechi ikaisha 2-1 kweli, nani Stendi atamwamini? Refa wako wa kujitolea ndo atasimama katikati ya hiyo kelele.

Unaweza kupunguza makali ukisema anapita kinara tu wa kila kundi aende nusu fainali. Hapo mechi ni 16, zinaingia vizuri kwenye nafasi 22, ila mechi ya tatu ya kundi mara nyingi inakuwa haina maana tena kwa timu moja, na timu isiyo na maana ya kucheza inaleta wachezaji wanane.

Mlango wa pili

Huu ndo ninaoutetea. Timu zote 12 zinacheza raundi ya kwanza, mechi 6, hakuna anayesubiri. Washindi 6 wanaendelea kwenye kombe kubwa. Waliofungwa 6 hawaendi nyumbani, wanaingia mtoano wao wenyewe, na hapo unaweka zawadi ya kweli, mbuzi anatosha kabisa, na sisi wote tunajua watu wanavyompigania mbuzi mchangani.

Kila upande una timu 6, kwa hiyo raundi ya pili timu nne zinacheza na mbili zinasubiri nusu fainali. Za kusubiri usizichague kwa tofauti ya mabao, utafanya timu dhaifu ipigwe saba bila sababu. Mimi nachagua kwa kadi, timu yenye kadi chache raundi ya kwanza inasubiri, wakilingana ni kura mbele ya makapteni. Marefa watakupenda kwa hilo maana wachezaji wenyewe wanaanza kumtuliza mwenzao anayefoka. Ubaya wake upo, refa atabembelezwa asiandike kadi, kwa hiyo kadi ziandikwe mezani na mtu wa kamati palepale inapotoka, si baada ya mechi.

Kila timu ina uhakika wa mechi mbili. Hesabu inakuwa hivi, raundi ya kwanza 6, kombe kubwa linaongeza 2 za raundi ya pili, 2 za nusu fainali, ya mshindi wa tatu na fainali, hizo 6. Upande wa mbuzi ni 2, 2 na fainali, hizo 5. Jumla 17.

Jumamosi ya kwanza: 6, tatu asubuhi, tatu jioni kuanzia saa tisa.
Jumapili ya kwanza: 4, mbili za kombe kubwa na mbili za mbuzi.
Jumamosi ya pili: nusu fainali zote 4 jioni, asubuhi wazi.
Jumapili ya pili: fainali ya mbuzi saa tisa, mshindi wa tatu saa kumi, fainali saa kumi na moja.

Hakuna timu inayocheza mara mbili siku moja. Ile asubuhi ya Jumamosi ya pili iache wazi makusudi, hiyo ndo ya mvua na ya rufaa, mechi yoyote iliyoahirishwa wikiendi ya kwanza inachezwa hapo kabla ya nusu fainali, ingawa mshindi wake ndo atalazimika kucheza tena jioni. Na mtu akishawishi kamati iweke bonanza la maveterani hapo mkatalie.

Zamu za marefa ni 51, kama 13 kwa kila mmoja. Ni zaidi ya mtoano wa moja kwa moja, huo ndo udhaifu wake na usiufiche. Ila unaweza kuushusha. Raundi ya kwanza na upande wote wa mbuzi weka refa mmoja wa kati, vibendera washike wachezaji wa akiba, mmoja kutoka kila timu, na kazi yao iwe mpira uliotoka nje tu. Kuotea aamue refa wa kati peke yake, na muwaambie makapteni hivyo kabla ya mechi ili asitokee mtu wa kumzonga kijana mwenye kibendera. Upande wa kombe kubwa kuanzia raundi ya pili weka marefa watatu kamili. Hapo hesabu inakuwa mechi 11 za refa mmoja, mechi 6 za marefa watatu, jumla zamu 29, chini hata ya zile 36 za mtoano wa moja kwa moja wenye marefa watatu kila mechi.

Na hapa ndo narudi kwenye lile la makosa. Makosa ya raundi ya kwanza, ambayo ndo unayatarajia kwa refa mmoja na vibendera vya kuazima, hayamfukuzi mtu. Yanampeleka kwa mbuzi. Hasira ipo ila bado ana mechi ya kucheza, na timu yenye mechi mbele haifanyi fujo leo kwa sababu inajua ikifungiwa inapoteza.

Upinzani ninaousikia ni kwamba timu kali ikikutana na timu kali raundi ya kwanza mmoja anashuka upande wa mbuzi na kuwamaliza wadogo. Ni kweli. Dawa yake ni droo, timu nne zilizofika mbali mwaka jana ziweke kwenye mechi nne tofauti, zingine zichanganywe. Kama ni mara ya kwanza mtaani kwenu hamjui nani mkali, kubalini bahati.

Na kama kiwanja unaweza kukikata?

Hili libadilishe mawazo yako tu kama timu zimekubali kucheza saba saba. Kiwanja cha kumi na moja ukikikata katikati kwa upana unapata viwanja viwili vidogo, magoli yanakaa pembeni, unahitaji magoli manne ya kuhamishika na mistari mipya ya chokaa. Saba saba mnaweza kukubaliana hakuna kuotea, kwa hiyo refa mmoja anatosha kila upande. Marefa wanne, wawili ndani, wawili wanapumzika, wanabadilishana kila saa. Nafasi zako 22 zinakuwa 44.

Hapo makundi yanarudi mezani kwa heshima. Makundi matatu ya timu nne, mechi za mwisho za kila kundi unaanzisha zote mbili kwa pamoja pande mbili za kiwanja, kila mtu anamwona mwenzake, shimo la Gijón limezibwa. Ningekuwa na timu za vijana chini ya miaka 15 ningechagua hivi bila kufikiria mara mbili, watoto wanahitaji mechi nyingi kuliko wanavyohitaji fainali.

Kwa wakubwa nimeona ni ngumu. Timu ina wachezaji 18 wamesajiliwa kwa ajili ya kumi na moja, ukiwaambia saba kuna kumi na moja wamekaa benchi na kila mmoja ana shabiki wake. Mipira inaingia kiwanja cha pili kila dakika, na filimbi ya huku inawasimamisha wa kule, hivyo refa mmoja mpe kipyenga chenye sauti tofauti kabisa au itakuwa vurugu.

Yanayofanana kwa mifumo yote

Haya machache yaandikwe na makapteni wasaini kabla ya droo. Timu ikichelewa zaidi ya dakika 10 mpinzani anapewa ushindi wa mezani, na ikifika kabla ya hapo dakika ilizochelewa zinakatwa kwenye mechi, haziongezwi kwenye ratiba. Rufaa ya mamluki inapokelewa kabla ya kipindi cha pili kuanza, na orodha ya wachezaji yenye picha iwe mezani, ukiruhusu rufaa ya kesho yake utakuwa unabadilisha washindi usiku kwenye WhatsApp na ratiba nzima inaning'inia.

Kwenye orodha ya marefa andika mtaa anaotoka kila mmoja, maana hawezi kuchezesha timu ya kwao wala timu itakayokutana na timu ya kwao raundi inayofuata. Kwa marefa wanne hii inabana kweli, kwa hiyo usipange marefa wa wikiendi nzima kwa mpigo, panga jioni baada ya matokeo ya siku hiyo kujulikana. Na wa kujitolea haimaanishi wa bure, nauli ya kwenda na kurudi, maji, na chakula cha mchana Jumamosi vitoke kwenye ada kabla ya kununua kombe. Ukiona hela haitoshi vyote viwili nunua kombe dogo.